Nastaafu Juni nikiwa na mikopo miwili: nilipe yote kwa mkupuo, au niache makato yaendelee kwenye pensheni?

Chaki60
Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, niliajiriwa 1993, natimiza miaka 60 Juni hii. Nimeshapiga hesabu ya kikokotoo, na ofisi ya mkoa wamenihakikishia haiko mbali na ukweli. Wastani wa mshahara wangu kwa ile miaka mitatu bora ni 1,800,000 kwa mwezi, na miezi ya utumishi ni 396. Mkupuo unakuja kama milioni 73.7 na pensheni ya mwezi kama 737,000.

Mikopo niliyonayo ni hii. Benki, mkopo wa mshahara niliouchukua kwa miaka saba ili kusomesha wawili kwa mpigo, riba 16% kwenye salio linalopungua. Nikistaafu utakuwa umebakiza miezi 40, rejesho ni 595,862 kila mwezi. Wa pili ni wa SACCOS yetu ya walimu, riba 12%, salio litakuwa milioni 4.8, rejesho kama 159,000, nao umebakiza miaka mitatu.

Jumlisheni wenyewe. Marejesho ni 755,000 na pensheni ni 737,000. Yaani nikiendelea hivi namdai Mungu chakula.

Mwanangu wa kwanza anasema lipa yote siku mkupuo unaingia, ulale usingizi. Shemeji yangu ambaye naye ni mstaafu anasema nisiguse mkupuo, maana fedha ukishaipeleka benki hairudi, na baba watoto ana sukari na presha, siku yoyote tunaweza kuhitaji milioni kadhaa. Nimebaki katikati. Nani amepita njia hii?

Mbegu_ya_Haradali
Hongera mkuu kwa kumaliza salama. Ila kwanza hiyo hesabu yako ina walakini, mkupuo ni 33% siku hizi. Sasa wewe umepataje hiyo 73?

Mtoza_Hesabu
Mbegu, 33% ilianza Julai 2022. Tangu Januari 2025 waliokuwa kwenye lile kundi la zamani la 50%, yaani watu wa PSPF na LAPF, wanapata 40%, na waliokuwa kundi la 25% wanapata 35%. Mwalimu wa 1993 alikuwa PSPF, kwa hiyo yuko sahihi.

Nimeihakiki: 396 gawanya kwa 580, zidisha na mshahara wa mwaka 21,600,000, unapata milioni 14.75. Asilimia 40 ya hiyo mara 12.5 ndiyo milioni 73.7, na asilimia 60 gawanya kwa 12 ndiyo 737,000. Hesabu yake imenyooka kuliko ya maafisa wengi.

Mbegu_ya_Haradali
Sawa nimeelewa, nilikuwa nyuma. Basi twende kwenye swali lenyewe. Mkuu, usilipe hata senti. Chukua milioni 18 ambazo ungeipa benki, nunua hati fungani ya serikali ya miaka mingi. Ukipata ya 15% unalipwa kila miezi sita, haina kodi, na mtaji wako upo palepale. Mkopo unakula 16, hati inakupa 15, tofauti ni asilimia moja tu. Kwa nini umpe mtu mtaji wako kwa ajili ya asilimia moja?

Babu_Kyela
Mikopo ya wastaafu ipo mingi, benki karibu zote wanatoa sasa hivi, unapewa kwa kuangalia pensheni yako. Nenda na kitambulisho cha mstaafu na hati ya malipo ya pensheni. Mimi nilipata ndani ya siku chache tu. Usihangaike.

Chaki60
Babu shikamoo. Mimi sitafuti mkopo, ninao tayari. Nataka kuachana nao.

Babu_Kyela
Marahaba. Ahaa. Basi hongera.

Mtoza_Hesabu
Mbegu, ulichosema kuhusu tofauti ya asilimia moja ni kweli ukiwa mtu mwenye mshahara. Kwa mstaafu tatizo haliko kwenye riba, liko kwenye mwendo wa fedha mwezi hadi mwezi.

Milioni 18.38 (hilo ndilo salio la benki kwa hesabu ya miezi 40) kwenye hati ya 15% inaleta kama 1,378,000 kila nusu mwaka, yaani wastani wa 229,700 kwa mwezi. Rejesho la benki ni 595,862. Pengo ni 366,000, na pengo hilo atalitoa kwenye pensheni. Ongeza SACCOS 159,000. Anabaki na 212,000 za kula, umeme, dawa za mzee na michango ya misiba, kwa miaka mitatu ya kwanza. Mwisho wa safari ana milioni 18 zake zipo, hilo sikatai. Lakini hiyo miezi 40 ataishije? Ataanza kuchota kwenye ule mkupuo mwingine kidogo kidogo. Na akitaka kuuza hati kabla ya wakati kwa sababu mzee kalazwa, atauza kwa bei ya soko la siku hiyo, inaweza kuwa chini ya aliyonunulia.

Mbegu_ya_Haradali
Hapo umenibana kidogo. Lakini ana milioni 55 nyingine, si atachota humo?

Mtoza_Hesabu
Atachota, ndiyo. Basi tusijidanganye kwamba hati inalipa mkopo. Mkupuo ndio utakuwa unalipa mkopo, kidogo kidogo, kwa riba ya 16.

Kaunta_Namba_3
Nimefanya kazi dawati la mikopo miaka mingi, sasa niko nje, naweza kusema bila woga.

Mwalimu, kabla ya hesabu yoyote katafute mkataba wako wa mkopo, usome kifungu kinachohusu ajira kukoma. Mikataba mingi ya mikopo ya mshahara ina sentensi inayosema mtumishi akiacha kazi kwa sababu yoyote, kustaafu ikiwemo, salio lote linadaiwa mara moja. Benki inaweza kukuacha uendelee kulipa kwa pensheni, lakini ni kwa hiari yao na mara nyingi kwa makubaliano mapya. Kama kifungu hicho kipo, swali lako la "nilipe au nisilipe" wamekwisha kukujibia, na mkupuo ukiingia kwenye akaunti ile ile ya mshahara unaweza kuamka ukakuta wameshakata.

La pili ni lile pengo la kati. Mshahara wa mwisho unaingia Juni. Mkupuo na pensheni ya kwanza vinategemea mafaili yako yamekamilika lini. Ukichelewa miezi miwili au mitatu, malimbikizo ya pensheni utalipwa, lakini benki haikusubiri. Rejesho likikosa fedha kwenye akaunti linahesabiwa limechelewa, linaanza kulimbikiza riba ya adhabu, na jina lako linapelekwa kwenye taarifa za wakopaji. Nimeona walimu wazuri, hawajawahi kuchelewa hata siku moja kwa miaka ishirini, wanachafuka katika miezi mitatu ya kwanza ya kustaafu. Kuanzia sasa jitahidi akaunti iwe na marejesho mawili au matatu ya akiba kabla ya Juni, na uandike barua tawini kuwajulisha tarehe ya kustaafu. Barua, si maneno ya kaunta.

Wa_Taveta
Huku kwetu Kenya ni hivyo hivyo tu. Mimi nilikuwa mwalimu, sisi tunachukua robo ya pensheni kama mkupuo na robo tatu inabaki ya kila mwezi, kwa hivyo mkupuo wenyewe ni mdogo. Nilistaafu na lonu ya benki, malipo yakachelewa, benki ikawa inapiga simu kila wiki mpaka mke wangu akaacha kushika simu. Pesa ilipoingia nililipa yote siku hiyo hiyo kwa hasira. Sijui kama ilikuwa hesabu nzuri, lakini simu ziliisha.

Chaki60
Pole sana mwalimu mwenzangu. Kaunta, nimefungua mkataba. Kifungu kipo, kinasema benki "inaweza" kudai salio lote. Nimewauliza tawini, afisa amesema wastaafu wengi wanaendelea kukatwa kwenye pensheni bila shida mradi akaunti isihamishwe.

Kijana_wa_Mjini
Si uhamishe akaunti ya pensheni benki nyingine? Mfuko unakulipa wewe, hauilipi benki. Mkopo wabaki nao huko.

Kaunta_Namba_3
Kijana, ni kweli mfuko haukati mkopo wa benki kwenye pensheni yako, unakulipa wewe na benki inachukua ikishaingia. Lakini ukihama unakuwa umevunja mkataba uliosaini, na hapo "inaweza" inageuka "imeamua". Mwalimu ataburuzwa mahakamani akiwa na miaka 61. Usimpe mama wa watu ushauri wa kijiweni.

Mtoza_Hesabu
Sasa mwalimu, nikupe hesabu ya hoja ya shemeji yako, maana yeye si mjinga.

Chukua ile milioni 18.38 usiipe benki. Uiweke mahali unapoweza kuichukua ndani ya siku chache, mfano mfuko wa ukwasi wa UTT, tukadirie inazaa 12% kwa mwaka. Kila mwezi uchote rejesho la benki humo humo, pensheni yako usiiguse. Fungu hilo litakwisha mwezi wa 37. Yatabaki marejesho matatu ya kutafuta kwingine, kama milioni 1.75 hivi.

Kwa hiyo, hiyo milioni 1.75, ikilipwa mwishoni, ndiyo bei ya kutolipa mkopo leo. Kwa bei hiyo unanunua nini? Unanunua nafasi ya kuwa na fedha mkononi. Mwezi wa 10, kwa mfano, fungu bado lina kama milioni 14, na mzee akihitaji upasuaji zipo. Ukiwa umelipa benki, hizo 14 hazipo, na kuzirudisha utakopa upya ukiwa na miaka 61, kwa masharti ya mkopo wa mstaafu.

Lakini angalia upande wa pili. Ukilipa benki yote bado unabakiwa na milioni 55 hivi. Kama zitakaa mahali pa kuchukulika, basi dharura ya mzee imeshafunikwa, na huna sababu ya kulipa 1.75 kununua usalama ulionao tayari. Hoja ya shemeji inakuwa na nguvu tu kama hizo 55 tayari zina kazi nyingine. Zina?

Chaki60
Hapo umenishika. Zina. Nyumba ya Kondoa iko kwenye renta, fundi kaniambia bati, dari, milango na umeme ni kama milioni 28. Na mdogo wa mwisho yuko mwaka wa pili chuo.

Halafu jamani mimi ni mama, naona mnaniita mkuu mkuu.

Mbegu_ya_Haradali
Samahani mama. Basi 55 toa 28 unabaki na 27, toa ada unabaki na 22 hivi. Milioni 22 na pensheni ya 737,000 bila rejesho la benki. Si mbaya hata kidogo. Nabadilisha kura yangu, lipa benki.

Nyangumi
Naomba niseme kitu ambacho hakijatajwa. Mume wangu alifariki akiwa na mkopo wa benki. Tulipeleka cheti cha kifo na barua, bima ikalipa salio lote, sisi hatukudaiwa hata shilingi na mafao yake yakaja kamili. Kama angekuwa amechukua akiba yetu akalipa ule mkopo mwaka mmoja kabla, ile akiba ingekuwa imekwenda na bima isingetulipa kitu. Sisemi mtu apange kufa. Nasema mkopo wenye bima na mkopo usio na bima si kitu kimoja.

Mtoza_Hesabu
Pole sana Nyangumi. Hoja hii ni nzito na inabadilisha hesabu yangu. Kwa ule mfano wa mwezi wa 10, familia ingebaki na milioni 14 na mkopo umefutwa.

Kaunta_Namba_3
Pole dada. Ni kweli, lakini marehemu alikuwa kazini? Bima nyingi za mikopo ya mshahara zimeandikwa kwa kundi la waajiriwa na zina ukomo wa umri. Nyingine zinaishia 60, nyingine 65, nyingine zinaendelea mpaka mkopo uishe kwa sababu ulilipia yote mwanzoni ulipochukua mkopo. Haijaandikwa kwenye mkataba wa mkopo, iko kwenye hati ya bima ambayo mkopaji hapewi mpaka aombe. Mwalimu aiombe kwa barua, aulize swali moja tu: nikifariki nikiwa na miaka 61, mstaafu, bima inalipa au hailipi? Na wajibu kwa maandishi.

Kama hailipi, basi kila mwezi unaobakiza mkopo ni hatari inayowaangukia watoto. Na ukilipa mapema uulize kama sehemu ya ada ya bima ambayo haijatumika inarudishwa. Wengine wanarudisha, lakini hawakukumbushi.

Nyangumi
Alikuwa kazini, miaka 52. Sikujua kuhusu huo umri.

Mwl_Tandahimba
Mama Chaki, mimi nimedhamini watu watatu SACCOS na mmoja kastaafu kaacha mkopo, tunakatwa wadhamini. Nakuomba kwa heshima, chochote utakachoamua kuhusu benki, SACCOS maliza. Benki ina mwanasheria. Wadhamini wako wana watoto.

Mbegu_ya_Haradali
Lakini kihesabu SACCOS ni 12% na benki 16%. Unamaliza kwanza wenye riba kubwa.

Mwl_Tandahimba
Hesabu hiyo iandikie barua ukampe mke wangu.

Kaunta_Namba_3
SACCOS msibishane sana, maana ule mkopo ni mdogo kuliko unavyoonekana. Mwalimu una akiba kiasi gani humo?

Chaki60
Milioni 3.1, na hisa kidogo. Wadhamini wangu ni wawili, mmoja ndiye makamu mkuu wangu wa shule.

Kaunta_Namba_3
Basi ukiamua kujitoa, akiba inafidia deni: 4.8 toa 3.1, unadaiwa milioni 1.7. Hiyo unailipa na wadhamini wanaachiwa. Hisa zinafuata utaratibu wake. Ubaya wake ni kwamba unapoteza mahali pa kukopa kwa 12% siku za usoni, kama masharti ya chama chenu yanaruhusu mstaafu abaki. Vingine vinaruhusu, vingine hapana. Na ukibaki kumbuka makato yalikuwa yanatoka kwenye mshahara moja kwa moja. Ukistaafu hakuna anayekata, ni wewe upeleke kila mwezi. Watu wanasahau mwezi wa kwanza, wa pili wanaona aibu, wa tatu mdhamini anakatwa.

Kijana_wa_Mjini
Vipi kulipa nusu? Alipe benki milioni 10 abaki na deni la 8.38. Inakuwa katikati.

Mtoza_Hesabu
Hili ni wazo zuri, Kijana. Ila lina mtego. Akilipa milioni 10 benki inaweza kufanya mambo mawili tofauti. Ikiacha muda ule ule wa miezi 40, rejesho linashuka mpaka kama 271,700, na riba atakayolipa tangu hapo ni karibu milioni 2.5. Ikiacha rejesho lile lile la 595,862, mkopo unaisha ndani ya miezi 16, na riba haifiki milioni moja. Kwa mtu mwenye mshahara ningesema ya pili. Kwa pensheni ya 737,000, ya kwanza ndiyo inayomwachia pumzi.

Kaunta_Namba_3
Na usipoandika unataka ipi, mfumo utachagua wenyewe, au zile milioni 10 zitakaa kwenye akaunti zikimegwa rejesho moja moja kila mwezi huku riba ikihesabiwa kwenye salio la zamani. Hilo nimeliona mara nyingi mno. Mteja anaamini amepunguza mkopo, kumbe ameweka tu akiba benki. Andika: "naomba fedha hii ipunguze salio la mtaji, muda ubaki, rejesho lipungue." Kisha baada ya wiki omba ratiba mpya ya marejesho, iwe na muhuri.

Ukilipa yote, omba kwanza barua ya salio la kumaliza mkopo yenye tarehe, maana salio linaongezeka riba kila siku. Ukipitisha tarehe ukalipa kiasi cha zamani, kinabaki kidonda cha elfu arobaini kinachoendelea kuzaa. Uliza pia kama kuna ada ya kulipa mapema. Ukimaliza, barua ya kuthibitisha huna deni uiweke na cheti chako cha ndoa.

Babu_Kyela
Na msikubali wale wa mtaani wanaoshika kadi ya benki na namba ya siri. Jirani yangu mstaafu hajaiona pensheni yake mwaka mzima, kausha damu ndio wanakwenda kuichukua. Hilo ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo nikakosea swali.

Chaki60
Asante babu, hilo tumeliona hata shuleni kwetu.

Nimewasoma wote. Leo nimepeleka barua mbili tawini, moja ya salio la Juni na nyingine ya hati ya bima. Ya salio wameipokea, ya bima afisa aliniangalia kama nimeomba funguo za ghala la fedha. Amesema atauliza makao makuu. SACCOS nimeshaongea na katibu, mstaafu haruhusiwi kuendelea kukopa kwa masharti yetu, kwa hiyo sina sababu ya kubaki. Nalipa ile 1.7 na makamu wangu aachiwe.

Benki bado. Wakisema bima inaishia 60, nalipa yote na fundi wa Kondoa asubiri. Wakisema inaendelea, moyo wangu uko kwenye ile ya kulipa milioni 10 na rejesho lishuke. Baba watoto anasema tulipe yote hata hivyo, hataki kusikia neno rejesho tena.

Mtoza_Hesabu
Mzee ana haki yake. Ila hiyo milioni 8.38 kwa 271,700, hata ukiitoa yote kwenye pensheni, inakuachia 465,000 bila rejesho la SACCOS. Kaeni muone kama nyumba yenu inakwenda kwa 465,000 na dawa zake. Andikeni matumizi ya miezi miwili kabla ya Juni, ya kweli, pamoja na michango.

Nyangumi
Mama, wakijibu kuhusu bima tuletee hapa. Na mimi nina mkopo, natimiza 55 mwakani.